Kula, Ngoja, Halafu Kimbia



Mkulima mmoja wa kijiji cha jirani ni mkimbiaji hodari. Siku moja kulikuwa na mashindano ya mbio za kilomita 10. Mshindi alipangiwa kupewa plau. Watu wengi walisema plau hiyo ni yake.

Mbio zilipangwa kuanza saa 2 asubuhi. Saa 1 na nusu ndugu huyo alikula bakuli zima la kande iliyolala. Akashushia na kikombe kikubwa cha maziwa mabichi yaliyochemshwa. Alitaka apate nguvu. Alipofika kilomita ya 3 alishikwa na kichomi chini ya mbavu. Akaminya ubavu, akaendelea. Kilomita ya 6 tumbo likaunguruma, naye akalazimika kuingia kichakani. Alipotoka, wenzake walikuwa wamekwisha mwacha mbali. Plau ikaenda kwa mtu mwingine.

Baadaye aliniambia hivi: "Mwalimu, nguvu nilikuwa nazo. Tumbo ndilo lililoniangusha."

Alisema kweli. Alifanya makosa mawili. La kwanza, hakungoja baada ya kula. La pili, alichagua chakula kisichofaa kwa mbio. Tuyaangalie yote mawili.

KWA NINI TUNGOJE?

Chakula kikiingia tumboni husagwa na kuchanganywa na maji makali ya tumbo. Kisha huteremka kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba. Kazi hiyo inahitaji damu nyingi.

Tukianza kukimbia, miguu nayo inataka damu. Mwili huipeleka zaidi miguuni, na damu ya tumboni hupungua. Kazi ya kusaga chakula inazorota. Wakati huohuo kila hatua tunayopiga inalitikisa tumbo. Chakula kinachezacheza humo kama maji ndani ya kibuyu. Ndiyo maana mtu anacheua, anasikia kichefuchefu, anapata kiungulia, au anashikwa na tumbo la kuendesha. Kichomi nacho humpata zaidi mtu aliyekula au kunywa sana karibu na mbio.

TUNGOJE MUDA GANI?

Muda unategemea wingi wa chakula.

1. Ukila mlo mkubwa, kama sahani ya ugali na nyama, ngoja saa 3 mpaka 4.

2. Ukila mlo mdogo, kama bakuli la uji au viazi vitamu viwili, ngoja saa 2 hivi.

3. Ukila kitu kidogo tu, kama ndizi mbivu moja, nusu saa mpaka saa moja inatosha.

Muda huu ni wa kukimbia, kucheza mpira au kuruka kamba. Kutembea polepole baada ya kula hakuna shida.

Miili yetu haifanani. Mwingine saa 2 zinamtosha, na mwingine kwa chakula kilekile anahitaji saa 3. Sikiliza tumbo lako. Kama bado unacheua chakula ulichokula, au tumbo ni zito, basi bado. Ngoja kidogo.

VYAKULA VINAVYOSUMBUA

Vyakula hivi ni vyakula vizuri. Tuendelee kuvila siku zote. Ila tusivile karibu na mbio.

Maharage, kunde na kande. Sehemu ya vyakula hivi haisagiki yote katika utumbo mwembamba. Inafika kwenye utumbo mpana, na huko vijidudu vinaichachusha na kutoa gesi. Gesi hii huja baada ya saa nyingi. Kwa hiyo maharage ya usiku yanaweza kukusumbua hata asubuhi.

Vyakula vya mafuta mengi, kama maandazi, chapati, sambusa na nyama ya mafuta. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu kuliko wanga. Andazi ni dogo kwa macho, lakini tumboni halina haraka.

Maziwa mabichi. Watu wazima wengi matumbo yao hayawezi tena kusaga vizuri sukari iliyomo katika maziwa. Wakinywa, tumbo linajaa gesi au linaendesha. Mtindi huwa na nafuu, kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imeliwa na vijidudu wakati wa kuganda.

Soda, na chai yenye sukari nyingi mno. Sukari nyingi ikiingia kwa mara moja huvuta maji ndani ya utumbo. Hapo ndipo mtu anaitafuta njia ya chooni katikati ya mbio.

Pilipili na vitu vikali. Hivi huleta kiungulia, hasa kwa mtu ambaye hukipata mara kwa mara.

Basi tule nini? Tule wanga usio na mafuta mengi: uji mwepesi, viazi vitamu vilivyochemshwa na kumenywa, wali mweupe, mkate mkavu au ndizi mbivu. Maji tunywe glasi 2 hivi, saa 2 kabla ya mbio. Tusinywe mengi kwa mara moja wakati wa kuanza.

ALIVYOJIREKEBISHA

Ndugu yetu hakukata tamaa. Alichukua daftari lake la kisomo akapiga mistari. Kila siku ya mazoezi aliandika mambo manne: nilikula nini, saa ngapi, nilianza kukimbia saa ngapi, na tumbo lilikuwaje.

Baada ya wiki chache daftari lilimwonyesha mambo. Kila alipokunywa maziwa, tumbo lilimsumbua, hata akingoja saa 2. Viazi vitamu havikumsumbua kabisa. Uji alihitaji kuungoja saa 2 kamili.

Mashindano yaliyofuata yalianza tena saa 2 asubuhi. Usiku wake alikula ugali na samaki, akaacha maharage. Asubuhi saa 12 alikula viazi vitamu viwili, akanywa maji glasi 2. Hakujaribu chakula kipya siku hiyo. Alikula kile alichokwisha kukijaribu. Alimaliza kilomita zote 10 bila kusimama. Alikuwa wa 3, akapata bomba la kunyunyizia dawa ya pamba.

UKISHIKWA NJIANI

Kichomi kikikushika, punguza mwendo au tembea. Vuta pumzi ndefu, itoe polepole. Minya mahali panapouma huku umeinama kidogo mbele. Mara nyingi kinaisha baada ya dakika chache.

Lakini maumivu ya kifua yanayobana, au damu katika choo, si mambo ya chakula tu. Acha kukimbia, nenda zahanati. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa asikimbie akiwa na njaa kabla ya kumwuliza mganga wake, kwa sababu sukari ya mwili inaweza kushuka ghafla akaanguka.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kichomi: maumivu makali ya ubavuni.
Kiungulia: moto unaopanda kifuani kutoka tumboni.
Wanga: chakula cha kutia nguvu, kama ugali, wali na viazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ndugu yetu alifanya makosa gani mawili siku ya kwanza?

2. Mbio zinaanza saa 10 jioni. Umekula ugali na nyama sahani nzima saa 8 mchana. Je, muda unatosha? Ungekula saa ngapi?

3. Kwa nini maharage ya usiku yanaweza kusumbua asubuhi?

4. Chora katika daftari lako mistari kama ya ndugu yetu. Jaza kwa wiki mbili, halafu wasomee wenzako ulichokiona.