Namba kwenye Lebo ya Chupa: Zinasema Nini?

Chukua chupa ya kinywaji cha chungwa kisicho na gesi na usome maandishi madogo yaliyo nyuma yake. Huenda ukakuta orodha kama hii:

Viambato: maji, sukari, juisi ya machungwa (asilimia 5), asidi (330), kiunganishi (414), vitamini C (300), kihifadhi (211), rangi (102).

Viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Ndiyo maana maji na sukari vimetangulia. Namba zinatokana na mfumo wa kimataifa wa viongezeo vya chakula. Pengine hutanguliwa na herufi INS, au herufi E kwa bidhaa zinazofuata kanuni za Umoja wa Ulaya. Namba si alama ya sumu: 300 ni vitamini C, na 330 ni asidi ileile inayoupa ulimao ukali wake. Kwa jumla, namba za 100 ni rangi, za 200 ni vihifadhi, na nyingi za 400 huzuia mchanganyiko usijitenge.

Rangi: 102

Juisi ya asilimia 5 haitoshi kukipa kinywaji rangi ya chungwa. Rangi hiyo hutoka kwenye 102, yaani tatrazini, rangi ya manjano itengenezwayo kiwandani. Haiongezi lishe wala haihifadhi chakula. Watu wachache huwashwa au kutokwa na vipele wanapoitumia. Tangu mwaka 2010, Umoja wa Ulaya umetaka bidhaa zenye rangi hii, pamoja na 104, 110, 122, 124 na 129, ziwe na onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Mzazi anayetaka kuziepuka hana budi kuzitafuta kwa namba, kwa sababu picha ya chungwa iliyo mbele ya chupa haitamwambia lolote.

Kiunganishi: 414

Ladha ya chungwa hutokana na mafuta ya ganda lake, na mafuta hayachangamani na maji. Namba 414 ni gundi ya miti ya jamii ya mgunga. Huzizunguka chembe za mafuta na kuzizuia zisikutane. Ukiona duara la mafuta shingoni mwa chupa, fahamu kwamba muungano huo umevunjika. Duara hilo peke yake si dalili ya kuoza, ila huonyesha kwamba bidhaa imekaa muda mrefu au haikutunzwa vizuri.

Kihifadhi: 211

Sodiamu benzoeti huzuia hamira na ukungu visikue. Hufanya kazi vizuri katika chakula chenye ukali wa asidi tu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuandamana na 330. Hata hivyo, huchelewesha uharibifu bila kuuondoa kabisa. Chupa ikishafunguliwa, vijidudu vipya huingia. Iwapo kinywaji kisicho na gesi kimeanza kutoa mapovu, chupa imevimba au harufu imekuwa kama ya pombe, kihifadhi kimeshindwa. Kimwage.

Namba mbili zinapokutana

Tazama tena orodha yetu: ina 211 na 300. Kila kimoja kinaruhusiwa kwa kiwango maalumu, lakini vikiwa pamoja katika kinywaji chenye asidi, vinaweza kuzalisha kiasi kidogo cha benzini, kemikali inayosababisha saratani. Joto na mwanga huongeza jambo hilo. Katika upimaji ulioanza mwaka 2005, mamlaka ya chakula ya Marekani ilikuta vinywaji vingi vikiwa na chini ya mikrogramu 5 kwa lita, au bila benzini kabisa. Vichache vilizidi, na watengenezaji wakabadilisha michanganyiko yao. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 kwa lita kuwa kikomo cha benzini katika maji ya kunywa.

Kwa hiyo hakuna haja ya hofu kwa aliyekwisha kunywa, bali ya uangalifu kwa anayenunua na kutunza. Katoni iliyopangwa juani mbele ya duka imekaa katika hali ileile inayochochea badiliko hilo, na tarehe ya mwisho wa matumizi haitakuonyesha.

Unapokwenda dukani:

1. Tafuta namba kati ya 210 na 213, kisha uangalie kama kuna 300 au maneno «vitamini C» katika orodha hiyohiyo.
2. Ukizikuta pamoja, chagua chupa iliyokaa kivulini, au bidhaa nyingine isiyo na mchanganyiko huo.
3. Usiziache chupa juani wala ndani ya gari lililofungwa.
4. Ukishafungua, weka chupa mahali pa baridi na ufuate muda wa matumizi ulioandikwa kwenye lebo.