Mteja wa samaki wa kila mwezi: anakulipa kiasi gani, na umempata kwa kiasi gani

Nauza vikapu vya samaki kwa malipo ya mwezi. Samaki wanatoka kwa wavuvi wa Ras al Hadd, Oman, wanasafishwa na kufungwa na barafu, kisha pikapu inawapeleka Sur na Ibra mara moja kwa wiki. Wateja wangu wengi ni familia za Waomani wenye asili ya Zanzibar, watu ambao ukiwaandikia "leo kuna nguru na changu" hawahitaji tafsiri. Wengine wanaotaka kuanzisha biashara ya usajili, ya maji, ya mboga au ya masomo ya mtandaoni, huniuliza swali moja: nitajuaje kama pesa ninayotumia kutafuta wateja inarudi? Hivi ndivyo ninavyopiga hesabu. Namba nimezikata ziwe za mviringo ili zifuatike.

Mteja analipa riyali 16 kwa mwezi, vikapu vinne. Samaki wenyewe wananigharimu 8, usafishaji, mifuko na barafu 1.2, dereva na petroli 2.4, makato ya malipo ya kadi baisa 400. Jumla 12. Kwa hiyo mteja hanipi riyali 16 kwa mwezi; ananipa 4. Thamani yake inajengwa juu ya hizo 4 tu. Anayezidisha 16 kwa miezi anahesabu pesa ya mvuvi na ya dereva kana kwamba ni yake.

Sasa, mteja anakaa miezi mingapi? Vitabu vinatoa njia ya mkato: chukua 1, gawa kwa sehemu ya wateja wanaojitoa kila mwezi. Njia hiyo inadhani watu wanaondoka kwa kasi ile ile mwezi hadi mwezi, na kwenye samaki haiko hivyo. Tazama watu 20 walioanza Januari. Waliolipa kila mwezi hadi Desemba walikuwa 20, 15, 13, 12, 11, 11, 8, 8, 7, 7, 7, 7. Mwezi wa kwanza robo nzima waliondoka. Ukitumia kasi hiyo, mteja anaishi miezi 4 na thamani yake ni riyali 16. Ukitumia kasi ya Agosti hadi Desemba, alipoondoka mmoja tu kati ya 8, anaishi karibu miezi 32 na thamani yake ni 128. Wateja ni wale wale, njia ni ile ile, na majibu yamepishana mara nane.

Kwa hiyo naiacha njia ya mkato na kujumlisha tu. Malipo yote ya mwaka ni 126. Gawa kwa watu 20, unapata miezi 6.3 kwa kila aliyeanza. Zidisha kwa 4: riyali 25. Najua wale 7 waliobaki wataendelea kulipa mwaka unaofuata, lakini siwahesabu. Pesa ya mwaka wa pili haijaingia, na kodi ya chumba cha baridi haisubiri.

Njia hii inamaliza pia mabishano ya nani amejitoa na nani amepumzika. Kwenye televisheni za kulipia jambo hili ni kubwa: MultiChoice, wenye DStv, walikuwa wakiripoti wateja waliokuwa hai ndani ya siku 90, kwa sababu watu hulipa mwezi huu, wakaacha, wakarudi ligi ikianza. Mimi nahesabu aliyelipa mwezi ule, basi. Akirudi, atahesabiwa tena katika kundi lake la Januari.

Upande wa gharama ya kumpata ndipo wengi wanajidanganya. Kwa kundi lile, matangazo ya Instagram yalikula riyali 50. Lakini kila anayetaka kujaribu nampa kikapu kimoja bure, kinachonigharimu 3. Waliojaribu walikuwa 30, waliojisajili 20. Wale 10 waliokula samaki wakashukuru na kupotea nao wamo kwenye gharama: vikapu 30 ni riyali 90. Ongeza 20 za saa za binti anayejibu WhatsApp. Jumla 160, gawa kwa 20 waliojisajili, ni riyali 8 kwa mteja. Kama ningehesabu tangazo peke yake ingekuwa 2.5, na ningejiona tajiri.

25 kwa 8 ni kama mara 3. Hicho ndicho kiwango kinachotajwa kila mahali kuwa ni afya. Aliyekieneza sana ni mwekezaji David Skok, pamoja na sharti la pili ambalo watu hulisahau: gharama ya kumpata mteja irudi ndani ya miezi 12. Chini ya 1 unalipia watu waje kula pesa yako. Ikizidi 5 kwa mbali, huenda unaogopa kutangaza. Lakini kiwango hiki kilizaliwa kwenye biashara ya programu za kompyuta, ambako kati ya kila 100 inayolipwa mara nyingi 70 au 80 hubaki baada ya gharama za kumhudumia mteja. Kwangu inabaki 25. Mara 3 yangu inaacha riyali 17 kwa mtu, yaani 340 kwa kundi zima kwa mwaka, na humo humo itoke kodi, umeme wa friji na mshahara wangu. Uwiano unaweza kuwa mzuri na pesa ikawa haitoshi.

Halafu kuna wastani. Kati ya wale 20, 8 waliletwa na jamaa: shangazi kamwambia wifi yake, wifi kamwambia jirani. Wote 8 waliojaribu walijisajili, na kila mmoja alinigharimu 3.5, yaani kikapu na nusu riyali ya WhatsApp. Malipo yao kwa mwaka yalikuwa 74, sawa na riyali 37 kwa mtu. Uwiano wao unapita 10. Wale 12 wa tangazo walinigharimu 11 kila mmoja na wakalipa mara 52 tu, riyali 17 kwa mtu. Uwiano: 1.6. Ile 3 nzuri ilikuwa shangazi amembeba Instagram mgongoni. Na nikiongeza bajeti, inayoongezeka ni Instagram. Shangazi hana ndugu wengine wa kuwaambia.

Kwa wateja wa tangazo ninaangalia kwanza ni mwezi gani riyali 11 zinarudi. Wa Januari walizirudisha Juni, mwezi wa sita. Juni si mwezi wa kawaida hapa. Pepo za kusi zikishika, bahari upande huu inachafuka hadi kama Septemba, samaki wanapungua na kupanda bei, na familia zinasafiri. Ndiyo maana kundi lilishuka kutoka 11 hadi 8 Julai. Nguru nao hawavuliwi Oman kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba. Mteja wa tangazo aliyeingia Machi au Aprili anakutana na kusi kabla hajanirudishia.

Kwa hiyo pesa ya tangazo sasa naitoa katikati ya Oktoba, nguru wanaporudi sokoni, na naifunga mwisho wa Januari. Kikapu cha kujaribu si cha bure tena: ni riyali 1.5, hivyo kila anayeonja ananigharimu nusu, na asiyekuwa na nia haagizi. Kwa tangazo, nahesabu upya kila kundi linapofikisha miezi mitatu. Kama kwa wastani kila mteja hajanirudishia nusu ya gharama yake kufikia hapo, tangazo lile silirudii, hata kama uwiano wa biashara nzima bado unasoma 3.