Popo darini: usizibe kabla ya Agosti

Mwenye nyumba mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa alijiona mwerevu. Alingoja popo watoke wakati wa Magharibi, kisha fundi akapanda na ngazi akaziba kila upenyo kati ya mabati na ukuta. Ilikuwa Mei, mvua ya masika imekaza. Usiku ule ule popo wakawa wanazunguka nje ya ukuta, wengine wakapitia madirishani hadi vyumbani. Wiki haikwisha, dari ikaanza kunuka na nzi wakajaa. Mle ndani mlikuwa na vitoto, na mama zao walikuwa wamefungiwa nje.

Kosa lake lilikuwa mwezi. Popo hawa wadogo wala wadudu, wanaojibana chini ya mabati yenye joto, huzaa sana nyakati za mvua, kwa kuwa ndipo wadudu wanapojaa. Kitoto huzaliwa hakina manyoya, na huchukua mwezi mmoja na zaidi kabla ya kuruka. Kwa Mombasa, basi, kazi hii ifanyeni Agosti na Septemba, masika yamekwisha na vuli haijaingia. Mkikosa hapo, jaribuni Februari, lakini kwa uangalifu zaidi, maana waliozaliwa mwishoni mwa vuli huenda bado hawajaruka.

Kalenda peke yake haitoshi. Mama huwaacha watoto darini anapokwenda kuwinda, kwa hiyo pandeni saa mbili usiku, mfungue kidogo mlango wa dari na kumulika tochi. Mkiona vitu vya rangi ya waridi vimekumbatiana kwenye boriti, au mkisikia milio myembamba, shukeni mfunge, mrudi baada ya wiki sita.

Kwanza hakikisheni ni popo. Kwa kijiti, si kwa kidole, vunjeni punje moja ya kinyesi. Ya popo huvurugika ikawa unga wenye vipande vinavyometameta vya mabawa ya wadudu. Ya panya haivunjiki hivyo, na ya mjusi ina ncha nyeupe. Kisha kaeni barazani jioni mbili tatu, kila mtu upande wake wa nyumba, mwangalie wanatokea wapi. Tundu linalotumika huwa na alama ya mafuta ya rangi ya kahawia ukingoni. Wale popo wakubwa wanaoning'inia mikunguni ni wala matunda, na hawaingii darini.

Sasa zibeni kila upenyo unaoingia kidole kidogo, ila yale matundu mawili matatu makuu. Kuta za mawe ya matumbawe ni bora zizibwe kwa chokaa, kwani saruji hufungia unyevu ndani. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kazi ikigusa sura ya nje ya jengo, wasemesheni kwanza Makumbusho ya Taifa. Juu ya kila tundu lililobaki tundikeni wavu laini wa madirisha ya mbu. Juu na pembeni ukazwe, chini uachwe wazi, ushuke kama nusu mita chini ya tundu. Popo atateremka ndani yake na kutoka. Akirudi, hulifuata tundu lenyewe na kugonga wavu. Uacheni siku saba. Jioni mbili mfululizo zikipita bila popo hata mmoja kutoka, ondoeni wavu mzibe. Sumu msitie, maana popo mgonjwa huangukia watoto sakafuni. Naftalini nayo huwakera waliolala chini kuliko walio juu.

Kuhusu maradhi, cha kuogopwa zaidi darini ni vumbi. Kinyesi kilichorundikana huweza kuotesha kuvu wa histoplazmosisi, ambaye akivutwa hushambulia mapafu. Msifagie kikavu. Vaeni barakoa ya N95, glavu na nguo za kufua papo hapo, mnyunyizie maji ya sabuni mpaka kilowe bila kufurika, la sivyo mbao za dari zitaanguka nanyi. Kisha kizoeni kwa koleo mkitie kwenye mifuko miwili. Mwenye pumu au kinga dhaifu asipande kabisa. Tangi la maji lililo chini ya paa hilo lifunikwe.

Msimshike popo kwa mkono mtupu. Mwaka 2007 mtalii wa Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo huko Tsavo Magharibi. Alikufa mwaka huo huo kwao, kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa kichaa cha mbwa. Ukiumwa au ukikwaruzwa, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo na kuwaambia wazi kuwa ni popo. Popo akipatikana chumbani mwa mtoto mchanga aliyelala, fanya vivyo hivyo, kwani meno yake ni madogo mno na mtoto hawezi kusema kama ameumwa.