Kabla Video ya Bibi Haijapanda Mtandaoni: Mafunzo Niliyopata Temple Hills

Ninapiga na kuhariri video za harusi, send-ofu na misiba ya Waafrika Mashariki hapa Temple Hills, Maryland, na miji jirani ya Kaunti ya Prince George's. Zamani wateja waliomba muziki mzuri na maandishi ya dhahabu. Siku hizi wanaomba marehemu atabasamu, mzee aliyekaa kitini asimame, sebule ya huku igeuke kuwa bustani ya Tanga. Kazi hiyo hufanywa na huduma za mtandaoni za akili mnemba: unapakia klipu, unaandika unachotaka, unasubiri kidogo, unapakua. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyapata kwenye kazi moja ya arobaini. Familia ilinipa klipu ya dakika tatu ya bibi yao, iliyochukuliwa kwa simu siku za ugonjwa wake, wakitaka aonekane akitembea nje.

1. Tazama kila kitu, uso uwe wa mwisho

Ukiwa mhariri, jicho lako linakwenda kwa bibi: mwanga, macho, namna anavyocheka. Kabla ya kupakia chochote lazima utazame upya kana kwamba bibi hayupo. Nilizima sauti, nikaenda fremu kwa fremu, nikivuta karibu pembe moja moja za picha.

Mezani palikuwa na vichupa vya dawa vya rangi ya chungwa. Simu ilirekodi kwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, kwa hiyo lebo zilisomeka: jina kamili la mgonjwa, jina la dawa, namba ya cheti cha dawa, jina la daktari. Kando yake palikuwa na bahasha yenye anwani. Kwenye dakika ya pili mjukuu anapita akitoka kazini, kitambulisho kikining'inia shingoni. Huku kwetu hilo si dogo, maana watu wengi wanafanya kazi kambi ya anga ya Andrews au kwenye ofisi za serikali kuu pale Suitland.

Watu husema picha imetikisika, hakuna atakayesoma. Lakini dakika tatu kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 5,400. Lebo iliyofifia kwenye fremu moja hutulia kwenye nyingine, na programu ya kusoma maandishi haichoki kutafuta ile iliyotulia.

2. Faili lenyewe lina anwani

Hata ungeziba meza nzima, faili la simu lina metadata, taarifa zilizoandikwa ndani yake ambazo hazionekani video ikicheza. Programu ya bure iitwayo ExifTool huzionyesha:

```
exiftool -G -a bibi.mov
```

Kwenye faili lile ilitoka aina ya simu, tarehe na saa ya kurekodi, na mstari wa `GPS Coordinates`. Simu nyingi huandika mahali kwa tarakimu nne baada ya nukta au zaidi. Tarakimu ya nne ya latitudo ni kama mita 11, kwa hiyo unajua nyumba ni ipi, si mtaa tu. Ukiunganisha mstari huo na vile vichupa, mgeni amepata nyumba yenye dawa kali za maumivu na mtu asiyeweza kuinuka.

Jambo moja linalochanganya wateja: video ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na kwa kawaida mahali pa kurekodiwa hupotea. Ikitumwa kama hati, ambayo ndiyo njia ninayowaomba watumie ili ubora usishuke, faili hufika kama lilivyo, na anwani yake ndani. Ubora ninaoutaka mimi na hatari ya mteja vinasafiri pamoja, ndiyo maana siku hizi sipakii faili ambalo sijalipitisha kwenye ExifTool.

3. Sauti ina sheria yake, na Maryland ni kali

Niliporudisha sauti nikasikia, nyuma ya kiti cha bibi, binamu akiongea kwa simu kuhusu tarehe yake ya mahakama ya uhamiaji. Alitaja jina lake na la wakili. Yeye hata hakujua kamera inawaka.

Hapa mpaka wa jimbo una maana. Ukivuka Southern Avenue kuingia Washington, D.C., au daraja la Woodrow Wilson kuingia Virginia, kurekodi mazungumzo kunahitaji ridhaa ya mmoja tu kati ya wanaozungumza. Maryland inataka wote waridhie pale mazungumzo yanapokuwa ya faragha. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Sheria haimgusi aliyerekodi peke yake: kusambaza kwa makusudi maneno unayojua yalirekodiwa kinyume cha sheria nako ni kosa. Sidhani kama mwendesha mashtaka angehangaika na simu iliyosahauliwa ikiwaka sebuleni, lakini binamu alikuwa na sababu nyingine ya kutotaka sauti yake ikae kwenye seva ya kampuni asiyoijua.

Tena sauti ile haikuhitajika kabisa. Tulitaka bibi atembee, na kwa kazi hiyo sauti ya sebule ni mzigo tu. Ni kwamba hupanda na picha usipoiondoa.

4. Ulichofuta kwenye skrini si lazima kiwe kimefutwa

Binti mkubwa wa marehemu aliniuliza swali ambalo wengi huuliza: "Kaka, si tukishapata video tunaifuta kule?" Nilimsimulia habari ya Everalbum, kampuni ya California iliyokuwa na programu ya kuhifadhi picha na video iitwayo Ever. Iliwaambia watu kwamba wakifunga akaunti, vitu vyao vitafutwa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilidai kwamba kampuni ilivihifadhi, na kwamba ilitumia baadhi ya picha za watumiaji kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso. Kwenye maafikiano ya 2021 kampuni ilitakiwa kufuta picha na video hizo, pamoja na modeli zilizotengenezwa kwazo.

Ndiyo kiini cha jambo. Kufuta faili ni kitu kimoja. Faili likishatumika kufundisha modeli, limeyeyuka ndani ya namba za modeli hiyo, wala hakuna kitufe cha kuchomoa bibi mmoja. Njia iliyotumika kwa Everalbum ilikuwa kutupa modeli nzima, na hiyo ililazimishwa na serikali, si na mteja mwenye barua pepe.

Pia kampuni yenye nia njema inaweza kuzuiwa kufuta. Mei 2025 mahakama ya New York iliamuru OpenAI ihifadhi majibu ya ChatGPT, hata yale ambayo watumiaji waliyafuta, kwa sababu ya kesi ya gazeti la New York Times. Agizo lilidumu hadi Septemba. Yalikuwa maandishi, si video, lakini walioyafuta hawakuulizwa.

Kwa hiyo ninasoma masharti kabla. Sisomi yote, nani ana muda. Nafungua ukurasa na kutafuta maneno machache: `train`, `retain`, `license`, `public`. La kwanza linaonyesha kama klipu zitatumika kufundishia na kama kuna kitufe cha kukataa. La pili, muda wa kuhifadhi. La tatu, haki unazowapa. Ukikuta `perpetual`, umetoa milele. La nne huwashangaza watu zaidi, maana huduma nyingine huweka wazi kwa umma kila kinachotengenezwa, na faragha huja na malipo ya juu. Midjourney ni mfano: kwa kawaida kazi zake huonekana kwa wengine, na kuzificha kunataka mpango wa bei kubwa.

Tangu Oktoba 2025 Maryland ina sheria yake ya faragha ya mtandaoni. Inahesabu afya, alama za mwili na hali ya uhamiaji kuwa taarifa nyeti, inakataza kuziuza, na inakupa haki ya kuomba zifutwe. Lakini kampuni ndogo hazimo, na wewe mwenyewe huwezi kushtaki kwa sheria hiyo. Hilo ni la Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

5. Tovuti za bure nyingine si za video kabisa

Mjukuu aliniletea kiungo alichokiona kwenye Facebook. Nilikikataa. Mei 2025 watafiti wa usalama walieleza tovuti bandia zilizotangazwa hukohuko: unapakia picha au video yako, unasubiri, kisha unapewa faili la kupakua ambalo jina lake lina `.mp4` lakini mwisho wake ni `.exe`. Ndani yake mna programu ya kuiba manenosiri. Kwenye Windows ambayo imeficha viambishi vya mafaili, utaona `.mp4` tu.

6. Mhudumu hana ruhusa kama ya familia

Klipu nyingine ya bibi ilitoka kwa mhudumu aliyetumwa na wakala. Wengi wetu huku tunafanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo nilimwelewa, alimpenda bibi. Ila sheria ya shirikisho ya faragha ya afya, HIPAA, haiwabani wanafamilia wanaorekodi wao wenyewe, huku ikiweza kumbana mwajiri wa mhudumu, na kwa sheria hiyo picha ya uso wa mgonjwa ni taarifa inayomtambulisha. Anayepoteza kazi ni mhudumu. Klipu hiyo sikuigusa.

7. Peleka kidogo kabisa, au usipeleke

Huduma hizi hutoa vipande vya sekunde chache, kwa hiyo hakuna haja ya kuzipa dakika tatu. Nilichagua sekunde 5 ambazo hakuna mtu mwingine, nikaandaa nakala ya 1920 kwa 1080 na kukata pande zote mbili ili meza itoke:

```
ffmpeg -ss 00:00:41 -i bibi_hd.mov -t 5 -map 0:v:0 -an -map_metadata -1 -vf "crop=1080:1080:420:0" bibi_safi.mp4
```

`-an` huondoa sauti, `-map_metadata -1` huondoa taarifa za ndani, na `crop` hubakiza mraba wa katikati. Baadaye nilirudia ExifTool, na mstari wa mahali haukuwepo. Uso ulibaki, na uso hauna amri ya kuusafisha. Hapo familia ikagawanyika: wajukuu walitaka, wazee hawakutaka mama yao katika hali ya ugonjwa aende kokote.

Tukafika hapa: walitoa picha ya zamani, bibi amesimama kwenye ua akiwa mzima, nami nikaiendesha kwenye kompyuta yangu kwa Wan 2.2, modeli ya Alibaba inayopakuliwa bure. Toleo lake la vigezo bilioni 5 linaingia kwenye kadi ya michoro yenye GB 24. Ukishalipakua unaweza kuchomoa waya wa intaneti na likaendelea kufanya kazi. Ni polepole, na lina vituko vyake: vidole viliungana, na maandishi ya kanga yakageuka herufi zisizosomeka, ikabidi niibandike kanga ya kwenye picha halisi juu yake.

Kazi hiyo natoza zaidi kwa sababu inanichukua usiku mzima. Wateja wengine husikia bei wakaenda kwenye huduma za mtandaoni wenyewe. Hao ninawapa mraba wa sekunde 5 uliosafishwa kama ule, na kuwaomba wapakie huo badala ya faili la simu.