Miaka Iliyobaki: Mafunzo Niliyopata Nikitoka Diploma Kwenda Digrii

Nilipata diploma ya teknolojia ya habari kupitia KNEC, nikaendelea na digrii ya sayansi ya kompyuta, kisha nikaishia kufanya kazi katika afisi ya idara, mahali ambapo barua za kuomba msamaha wa masomo hupita kila Septemba. Swali ni lile lile kila mwaka: "Nimebakisha miaka mingapi?" Nawe unayeuliza umeshaamua kuendelea, kwa hiyo sitakupigia debe. Nitakueleza jinsi hesabu yenyewe inavyokwenda.

1. Jina la somo halisamehewi, yaliyomo ndiyo husamehewa

Siku ya kuwasilisha ombi nilikwenda kifua mbele na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki. Mhadhiri aliyepewa kazi ya kulinganisha masomo alikitazama kwa heshima, akakisukuma kando, akaniuliza, "Silabasi iko wapi?" Sikujua kama silabasi ni kitu mtu anatembea nacho.

Niliporudi nayo, alizilaza karatasi mbili sambamba mezani, yangu na ya chuo, akaanza kupitisha kalamu ya risasi mada baada ya mada. Hifadhidata ilipita bila maneno. Uchambuzi na usanifu wa mifumo ukapita pia. Tulipofika kwenye hesabu, kalamu ikasimama. Nilikuwa nimesoma somo zima la mbinu za hesabu, nikaamini linatosha kusimama mahali pa Kalkulasi ya Kwanza. Kumbe diploma yangu ilikuwa imeigusa kalkulasi juu juu tu, mada mbili kati ya zile zote za chuo. Hapo msamaha ukakwama.

Alama nazo zina neno lake. KNEC hupanga matokeo ya kila somo kuanzia 1 hadi 8: 1 na 2 ni distinkshoni, 3 na 4 ni krediti, 5 na 6 ni pasi. Idara nyingi husamehe kuanzia krediti kwenda juu. Kwa hiyo 5 yako ilikupa diploma halali kabisa, lakini huenda isikusamehe hata somo moja. Kabla ya kuandika barua, pitia karatasi ya matokeo somo kwa somo, uweke alama kwenye yale tu yenye 4 au bora zaidi na ambayo una silabasi yake. Orodha itapungua, na ni afadhali ipunguzwe na wewe.

2. Dari ipo, hata ukiwa na distinkshoni tupu

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, katika viwango na miongozo yake ya 2014, iliweka kikomo: masomo ya msingi yanayohamishwa kutoka kwingine yasizidi 49%. Maana yake ni kwamba chuo kinachokupa digrii lazima kiwe ndicho kilichokufundisha zaidi ya nusu. Digrii ya masomo 48 yote ya msingi haiwezi kukusamehe zaidi ya 23. Wachache sana huifikia dari hiyo. Mtu wa diploma ya fani ile ile mara nyingi husamehewa mwaka wa kwanza, au sehemu yake na vipande vya mwaka wa pili. Ukiahidiwa na mtu kwenye banda la maonyesho kwamba utamaliza digrii ya miaka minne kwa mwaka mmoja na nusu, muulize masomo mangapi yanabaki na yatasomwa miezi gani.

3. Miaka haihesabiwi kwa masomo yaliyobaki

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na hata sasa nikilieleza naona nyuso zikikunjamana. Chukua kijana mmoja wa ukoo wetu. Digrii yake ilikuwa na masomo 48, sita kila muhula kwa mihula minane. Alisamehewa 12, manane ya mwaka wa kwanza na manne ya mwaka wa pili. Akapiga hesabu papo hapo: yamebaki 36, ukigawa kwa sita unapata mihula sita, yaani miaka mitatu. Hesabu safi. Akawatangazia wazazi.

Tatizo ni kwamba masomo hayako kwenye gunia moja ambamo unachota sita sita. Mengi hufundishwa mara moja kwa mwaka, na mengine yana somo linalotangulia. Yeye hakuwa amesamehewa Kalkulasi ya Kwanza, inayofunzwa Septemba. Bila hiyo huingii Kalkulasi ya Pili, ya Januari. Bila ya Pili huruhusiwi kusoma Nadharia ya Uwezekano, ambayo ni ya Septemba pekee. Na bila Uwezekano hakuna Uigaji wa Mifumo, nao ni wa Septemba nyingine. Ni mnyororo wa pete nne, na kila pete inangoja mwezi wake.

Tukaketi na ratiba. Akianza Kalkulasi ya Kwanza Septemba ile ile aliyoingia, angefika kwenye Uigaji Septemba ya mwaka wake wa tatu chuoni, akamaliza kwa wakati. Lakini alikuwa amewekwa na darasa la mwaka wa pili, na saa ya Kalkulasi iligongana na saa ya Miundo ya Data. Wenzake walimshauri aiache kwanza, ataichukua mwakani. Ushauri huo ungeisukuma Kalkulasi ya Kwanza hadi Septemba ya pili, Uwezekano hadi ya tatu, na Uigaji hadi ya nne. Angeburura muhula wa ziada kwa ajili ya somo moja tu, akiwa amemaliza mengine yote na kodi ya nyumba ikiendelea kudaiwa.

Alichofanya ni kuomba idara imruhusu asome Kalkulasi na darasa la jioni, lile la wanaofanya kazi mchana. Alikubaliwa kwa sababu aliomba wiki ya kwanza, kabla usajili haujafungwa.

Kwa hiyo anzia mwisho. Chukua karatasi ya mpangilio wa masomo ya digrii yako, kata yote uliyosamehewa, kisha tafuta somo la mwaka wa nne lenye watangulizi wengi zaidi, urudi nyuma nalo pete kwa pete ukiandika mwezi kando ya kila moja. Urefu wa mnyororo huo ndio miaka yako. Ukiona saa zinagongana, nenda kwa mkuu wa idara na karatasi hiyo mkononi. Ukienda na malalamiko matupu utaambiwa ungoje ratiba mpya. Ukumbuke pia kwamba kusamehewa somo la mwaka wa tatu lisilotangulia lolote hukupunguzia kazi, pengine na karo, lakini hakukupunguzii hata siku moja ya kukaa chuoni.

4. Somo lililosamehewa kwa kawaida halina alama

Kwenye transkripti yangu masomo hayo yaliandikwa tu kwamba yamesamehewa. Wastani wa kuamua daraja la digrii ulitoka kwenye yale niliyoyafanyia mtihani pale chuoni. Mwenzangu aliyeanza mwaka wa kwanza alikuwa na masomo mepesi ya utangulizi ya kuukweza wastani wake, mimi nikaanza moja kwa moja na magumu. Ndiyo maana siku hizi kijana mwenye 4 kwenye somo jepesi, na anayetamani daraja la kwanza, ambalo huanzia 70, mimi humuuliza kama kweli anataka asamehewe somo hilo. Ikiwa halimo kwenye mnyororo wake na muhula una nafasi, alisome. Wengine hukasirika nikiwaambia hivyo. Wachache hurudi wiki ya pili ya usajili kuomba somo moja liondolewe kwenye barua yao, na mara nyingi bado inawezekana, mradi barua haijafika kwenye Seneti.