Barua ya kuomba benki ipange upya deni

Swali: Nimepoteza kazi ya shirika. Deni limebaki dola 1,200, nalipa 150 kila mwezi. Niandikie benki nini? (Mama, Mabanga, Goma)

Jibu: Mama, andika kabla hujakosa malipo. Taja namba ya mkopo, tarehe kazi ilipokwisha, na uambatanishe barua ya kusimamishwa. Kisha onyesha hesabu ya mwezi, kwa mfano: biashara ndogo inaingiza 160, chakula na nyumba vinakula 95, inabaki 65. Usiahidi 100 ili kuwafurahisha; ukikosa mara moja, hawatakusikiliza tena. Omba miezi 3 ya dola 20, halafu 19 ya dola 60: jumla 1,200. Riba ya muda ulioongezwa itakuja juu yake, kwa hiyo dai ratiba mpya iliyosainiwa. Baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa.