Jua Haki Zako: Mtoto Yuko Tororo, Mama Yuko Busia, WhatsApp ni ya Nani?

Swali: Nauza mitumba Busia, upande wa Kenya. Mwanangu wa miaka 12 anasoma Tororo, anakaa kwa nyanya yake. Amejifungulia WhatsApp kwa laini niliyosajili mimi. Mtu asiyemfahamu amemwingiza kwenye kikundi na anamwomba picha. Je, nina haki ya kuingilia?

Jibu: Ndiyo, mama, tena leo hii. Masharti ya WhatsApp yanataka anayejifungulia akaunti ya kawaida awe ametimiza miaka 13. Lakini kutimiza 13 si kuwa mtu mzima: Kenya na Uganda zote humhesabu mtoto hadi afikishe 18. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Sheria ya Uganda ya mwaka huohuo nayo inataka ridhaa hiyo.

Usianze kwa kufuta akaunti. Ukiifuta, mazungumzo yanapotea, na hayo ndiyo ushahidi. Mwombe nyanya apige picha za skrini zinazoonyesha namba ya huyo mtu, tarehe na maneno yake, kisha amripoti na kumzuia. Kama mtoto ameshatuma picha za aibu, msizitume kwa jamaa yeyote. Simu yenyewe ipelekwe polisi Tororo, kwenye kitengo cha watoto na familia. Namba ya msaada kwa watoto ni 116 kotekote, Kenya na Uganda.

Ushahidi ukishahifadhiwa, akaunti ifutwe kwenye simu ileile: Settings, Account, Delete account.

Ili asijifungulie nyingine kwa siri, simu ya Android inaweza kuwekwa chini ya Family Link ya Google. Mlezi ndiye anayeidhinisha programu mpya, anazuia zilizopo na kupanga saa za kutumia simu. Wengi wa mpakani hukwama hapa: Google inataka wanafamilia wa kundi moja wawe wakazi wa nchi moja. Kwa hiyo wewe wa Busia, Kenya, huenda ukakataliwa. Msimamizi awe nyanya au mjomba anayeishi Tororo, kwa akaunti yake ya Google.

Jueni pia mpaka wa chombo hiki: Family Link haimwonyeshi mlezi ujumbe wa WhatsApp. Mtoto akitimiza 13 nanyi mkiridhia, kaeni naye mfungue Settings, Privacy, Groups, mchague My contacts, ili asiye kwenye orodha yake ya namba asiweze kumwingiza kikundini moja kwa moja. Kisha rudini Privacy, fungueni Calls, muwashe Silence unknown callers. Baada ya hapo pitieni pamoja orodha ya namba zake, kwa sababu mgeni akishahifadhiwa humo, kinga ya kikundi haimzuii tena.